Nani ajue nini wakati malalamiko hayajaamuliwa

Karibu kila anayekuja kwangu na malalamiko huanza na ombi lile lile: "Dada, nitakuambia, ila naomba yaishie hapa hapa." Hapo ndipo ninapomkatiza, kwa upole lakini mapema, kabla hajataja jina wala tukio. Namwambia siwezi kuahidi hivyo. Ninachoweza kuahidi ni kwamba nitawaambia wale tu ambao bila wao kazi haiendi, na nitamtajia ni kina nani kabla sijawaambia.

Wapo wanaonyamaza kidogo kisha wakaendelea. Wapo waliochukua mkoba wao wakaondoka, na sikuwazuia. Anayeondoka huwa namwelekeza kwa mshauri nasaha au wakili, kwa sababu siri ya watu hao ni ya aina nyingine. Kwao unaweza kumwaga yote moyoni na jambo likabaki pale pale, isipokuwa pakiwa na hatari kubwa. Kwangu, ofisi ikishajua imejua. Nikisikia kwamba msimamizi anawashika wafanyakazi wake, siwezi kufumba macho kwa kuwa aliyeniambia ameghairi, maana wapo wengine kwenye zamu ile ile. Ni afadhali mtu ajue hilo akiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Nimefanya kazi ya kupokea na kuchunguza malalamiko kazini kwa miaka mingi, na watu wakiniuliza kuhusu siri nawasimulia kisa kimoja. Nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, lakini mtiririko ni ule ule. Mlalamikaji alikuwa karani wa stoo, zamu ya jioni. Mlalamikiwa alikuwa msimamizi wake wa zamu. Karani alidai kwamba msimamizi alimtumia ujumbe wa mapenzi usiku wa manane, kwamba mara mbili alimshika kiuno wakati wa kuhesabu mali, na kwamba alipomkatalia, ratiba yake ikageuzwa ghafla, akawa anapangiwa kila mwisho wa juma. Kitengo kilikuwa kidogo, cha watu wanaojuana hadi mlio wa simu ya kila mmoja.

Kabla hajatoka ofisini kwangu tulianza karatasi ambayo huwa naiita orodha ya wanaojua. Ni ukurasa mmoja tu: jina la mtu, anachokijua, nani alimwambia, tarehe, na sababu. Wengi hudhani orodha hii inaanza na mchunguzi. Haianzi hapo. Huanza na watu ambao mlalamikaji mwenyewe alishawaambia, na yeye alishawaambia watatu: dada yake anayeishi naye, mwenzake mmoja wa zamu, na meneja wa idara, ambaye alimjibu "ngoja nizungumze naye kindugu."

Jibu hilo la meneja nitalirudia mbele. Kwanza dada yake. Mlalamikaji aliniuliza, kwa wasiwasi wa mtu anayeamini ameshavunja sheria: "Sasa dada yangu nimfiche? Naishi naye, ananiona nikilia." Nilimwambia hapana. Yaliyompata ni yake. Hakuna ofisi inayoweza kumnyang'anya mtu haki ya kusema yaliyompata kwa daktari wake, wakili wake, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kiongozi wake wa dini au ndugu anayemtegemea. Na hakuna karatasi ya ofisi inayoweza kumzuia kwenda polisi au kwenye mamlaka ya kazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu barua nyingi za ofisi huandikwa kinyume chake. Husema: "Huruhusiwi kuzungumzia jambo hili na mtu yeyote." Mwandishi wa barua huona amelinda siri. Kwa kweli amemtenga mtu aliyeumizwa na kila anayeweza kumshika mkono, na amempa mlalamikiwa zawadi ya kimya. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unayashika mambo yote mawili kwa pamoja katika kifungu cha 10: unazitaka nchi zilinde faragha ya wahusika na usiri kadiri inavyowezekana na inavyofaa, halafu unaongeza kwamba masharti hayo ya usiri yasitumiwe vibaya. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayosahaulika maofisini.

Kwa hiyo mlalamikaji nilimwomba mambo machache, na kila moja nikalipa sababu yake. Asiandike lolote kuhusu jambo hili kwenye makundi ya wasapu ya kazini. Asiende kukusanya maelezo ya mashahidi mwenyewe. Asimwoneshe mtu mwingine, mbali na wakili au mwakilishi wake, nyaraka atakazozipata kutoka kwangu. Asiwasimulie wenzake maswali niliyomuuliza. Hayo manne, na kwa muda tu: mpaka shahidi wa mwisho awe ameshahojiwa na kusaini maelezo yake. Makatazo yasiyo na mwisho hayaheshimiwi, nami siwalaumu wanaoyapuuza.

Yule mwenzake wa zamu alikuwa suala gumu zaidi, kwa kuwa alikuwa rafiki na pia shahidi. Nilimwambia mlalamikaji: endeleeni kula pamoja, zungumzeni mtakayo, mwambie hata kwamba hulali usiku, ila yaliyotokea stoo jioni ile msiyarudie baina yenu kwa sasa. Aliuliza kwa nini, na swali lilikuwa la haki. Sababu si kwamba nilimshuku. Watu wawili wakisimuliana jambo mara kwa mara, kumbukumbu zao huanza kuazimana maneno. Niliwahi kuchukua maelezo ya mashahidi wawili katika jambo jingine, na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walisema mtu fulani "alikuwa ameegemea kabati kama mwenye nyumba." Maneno hayo yalikuwa mazuri mno kuzaliwa mara mbili. Mmoja alikuwa ameyaona kweli, mwingine alikuwa ameyasikia, na mwishowe hawakuweza kunieleza nani ni nani. Maelezo yao yote mawili yalipungua uzito, na aliyepoteza ni mlalamikaji.

Sasa meneja wa idara. "Kuzungumza naye kindugu" ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuharibu uchunguzi. Mlalamikiwa hupata taarifa kabla ushahidi haujahifadhiwa, ujumbe hufutwa, mashahidi hupigiwa simu, na mlalamikaji huanza kutazamwa. Meneja aliyepokea malalamiko ana kazi tatu tu: asikilize bila kuhoji kama polisi, aandike maneno aliyoambiwa kama yalivyosemwa, na siku hiyo hiyo ayapeleke kwa anayehusika na uchunguzi. Hapaswi kupima kama ni kweli. Hapaswi kumwita mlalamikiwa. Na hapaswi kumwambia naibu wake "ili ajiandae," jambo ambalo, kama tutakavyoona, ndilo lililotokea.

Nilimwita. Alikuja akiwa amekunja uso. "Mimi ndiye msimamizi wa idara nzima. Nitasimamiaje jambo nisilolijua lote?" Nilimwuliza anahitaji kufanya nini katika wiki zijazo kwa sababu ya jambo hili. Alifikiri, akasema: kupanga zamu. Basi, nikamwambia, unahitaji kujua kwamba watu hawa wawili wasipangwe zamu moja mpaka nikuarifu. Huhitaji kujua zaidi ya ulichokwisha kuambiwa kuhusu nani alimfanya nani nini. Nikamwandikia maneno ya kumpa yeyote atakayeuliza: "Ni mabadiliko ya kiutawala, siwezi kuyaeleza zaidi." Hakufurahi, lakini aliyachukua.

Na hapo kwenye zamu ndipo siri nyingi hupotea bila mtu yeyote kufungua mdomo. Meneja alitaka kumhamisha mlalamikaji peke yake kwenda zamu ya asubuhi. Hebu fikiria kitengo kinavyoona: jana alikuwa jioni, leo asubuhi, na juzi alionekana akitoka ofisi ya utumishi. Hesabu imeshafungwa. Tena kumhamisha yeye ni kumwadhibu yeye. Tulikaa na ratiba nzima ya kitengo tukaipanga upya kwa wote, watu wakabadilishana zamu pande zote, na msimamizi ndiye aliyepelekwa mchana, ambako pia alikuwa chini ya jicho la mkubwa wake. Iligharimu mchana mzima wa mabishano na saa kadhaa za malipo ya ziada. Lakini ratiba ile haikumwonesha mtu kidole.

Mambo mengine madogo ya namna hiyo nimeyaona yakivujisha kuliko umbea. Kalenda ya pamoja yenye kichwa cha mkutano kinachosomeka na kila mtu. Chumba cha mkutano chenye ukuta wa kioo, kando ya njia ya kwenda chooni. Printa ya korido, karatasi zikisubiri mwenyewe. Faili lililopewa jina la ukoo la mlalamikaji na kuwekwa kwenye folda ya idara nzima. Na hatari kuliko yote, barua pepe inayotumwa mbele kwa mtu wa tatu huku chini yake ikiburuta mazungumzo yote ya wiki iliyopita. Mimi huandika barua mpya kila mara, situmi mbele hata siku moja. Jalada nalipa namba, na watu ndani yake nawaita M, L, S1, S2. Kalenda yangu husomeka "shughuli" na basi.

Mashahidi walikuwa wanne. Kwa shahidi huwa sianzi na tukio. Naanza mbali: nieleze zamu ya jioni inavyokwenda, nani anapanga ratiba, kuhesabu mali kunafanywaje, nani husimama wapi. Ukianza na "uliwahi kumwona msimamizi akimshika karani wa stoo?" umeshamwambia shahidi kila kitu kwa swali moja, na umemwekea jibu mdomoni. Ukianza mbali, mara nyingi hufika mwenyewe. Shahidi wa pili alinieleza jinsi kuhesabu mali kunavyofanyika, akasita, akasema: "Ila siku hizi akina dada hawapendi kuhesabu na bosi safu ya nyuma." Sikuwa nimetaja dada wala bosi.

Wote wanne, kwa namna moja au nyingine, waliuliza: "Nani kalalamika?" Na hapa pana kosa ambalo hata wachunguzi wazoefu nimewaona wakilifanya. Shahidi anabahatisha jina lisilo sahihi, mchunguzi kwa huruma anasema, "Hapana, si yeye." Anadhani amemlinda asiyehusika. Kumbe amefundisha kanuni ya mchezo: jina lisilo sahihi hukanushwa. Shahidi akitaja jina la pili na mchunguzi akanyamaza, jibu limepatikana. Ndiyo maana jibu langu ni lile lile kwa kila jina, liwe sahihi au la kuchekesha: "Sithibitishi wala sikanushi jina lolote." Shahidi wa tatu alinijaribu kwa majina matano mfululizo, la mwisho likiwa lake mwenyewe. Tulicheka, na jibu halikubadilika.

Shahidi naye hupewa ukweli kuhusu siri yake. Simwahidi kwamba jina lake halitajulikana. Namwambia maelezo yake yanaweza kusomwa na mlalamikiwa, kwa sababu mtu hawezi kujitetea dhidi ya asichokijua, na jambo likifika kwenye baraza au mahakamani ofisi inaweza kuamriwa kuyatoa. Ninachomwahidi ni kwamba hayatasomwa na wasiohusika, na kwamba akilipiziwa kwa kusema, hilo litakuwa kosa jipya linaloshughulikiwa peke yake. Halafu namweleza anachoweza kusema nje. Kwa bosi wake anayetaka kujua alikuwa wapi: "Niliitwa ofisi ya utumishi," inatosha. Kwa wenzake: "Nilikuwa na shughuli ya ofisi, siwezi kuieleza." Sentensi hizo nampa tayari, kwa sababu mtu asiyepewa jibu hutunga uongo, na uongo wa korido hauishi siku mbili. Kwa mke au mume wake anaweza kusema kwamba ametoa ushahidi kazini na hana raha. Maelezo yenyewe ayaache. Wakili na mwakilishi wa chama waambiwe watakachohitaji. Na bado ana haki ya kuzungumza na wenzake kuhusu mshahara, zamu na jinsi wanavyotendewa kazini kwa jumla. Uchunguzi mmoja haugeuzi hali ya kazi nzima kuwa siri. Ninachomwomba asiseme ni maswali niliyomuuliza na majibu aliyonipa, basi.

Shahidi wa kwanza, kijana mtulivu, alinisomea tena karatasi ya masharti kwa sauti, kisha akauliza kama anaweza kumweleza kaka yake ambaye ni polisi. Nilimjibu: kama unaona kuna kosa la jinai unataka kuliripoti, ripoti, sikuzuii na siwezi kukuzuia. Kama ni kwa sababu kaka yako anapenda habari, subiri. Alitabasamu akasaini.

Mlalamikiwa ndiye mtu anayesahaulika katika mazungumzo ya siri, ilhali anaweza kuwa hana kosa. Jina lake likichafuka kabla ya uamuzi, hakuna barua ya kumsafisha itakayosomwa na wote waliosikia. Lakini pia lazima ajue anatuhumiwa nini, kwa undani unaomwezesha kujibu: kitendo gani, wapi, lini. Mtu hawezi kujibu barua inayosema tu "tabia isiyofaa kwa mfanyakazi." Katika kisa hiki haikuwezekana kumficha mlalamikaji. Waliohesabu mali jioni ile safu ya nyuma walikuwa wawili tu; ukitaja kitendo umemtaja mtu. Nilimweleza mlalamikaji hivyo siku mbili kabla, nikamwambia na saa ambayo barua ingekabidhiwa, ili asikutwe naye kwenye mlango wa stoo dakika kumi baadaye. Alikubali. Aliomba jambo moja: ujumbe wa simu usiambatanishwe wote, utolewe ule unaohusu madai tu, kwa sababu uliobaki ulikuwa na habari za afya yake. Ombi hilo lilikuwa sahihi na tulilitimiza. Mlalamikiwa anastahili ushahidi unaomhusu, si maisha yote ya mtu.

Barua yake ilimwambia asimtafute mlalamikaji moja kwa moja wala kupitia mtu, asifute chochote kwenye simu na kompyuta, na asijaribu kubaini mashahidi. Ilimwambia pia, kwa uwazi ule ule, kwamba anaweza kuzungumza na wakili, mwakilishi wake, daktari na mwenzi wake, na kwamba akiwa na mashahidi wa kumtetea anitajie majina, nami nitawahoji kwa utaratibu ule ule. Ukimfungia mtu mdomo pande zote halafu ukamwambia ajitetee, utetezi wake utakuwa hewa, na atakayesoma jalada baadaye kwenye rufaa ataliona hilo kwa haraka.

Jioni ya siku ya tatu baada ya barua kukabidhiwa, mlalamikaji alinitumia picha ya skrini. Kwenye kundi la kitengo mtu alikuwa ameandika kwa mafumbo kuhusu "dada anayemsingizia bosi eti alishikwa kati ya saa mbili na saa tatu usiku." Kufikia kesho yake asubuhi mlalamikiwa alishaleta lalamiko lake: mlalamikaji amevujisha, amemwambia dada yake, kwa hiyo malalamiko yake yafutwe.

Hapo ndipo ile orodha ya wanaojua ilipolipa gharama yake. Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa nikiutafuta ulikotoka. Katika maelezo ya mlalamikaji muda ulikuwa "saa tatu kasoro," na ndivyo alivyomwambia dada yake pia. Maneno "kati ya saa mbili na saa tatu" yalikuwa kwenye barua ya mlalamikiwa tu, kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandika hivyo. Mashahidi walikuwa hawajaambiwa muda wowote. Barua ile ilikuwa imeonwa na mlalamikiwa, mwakilishi wake, mkuu wangu, na meneja wa idara, ambaye alipewa nakala na mkuu wangu bila mimi kushauriwa. Uvumi usio na maelezo hauna chanzo cha kutafuta, unaweza kuwa umezaliwa popote. Uvumi wenye maelezo mahususi huwa na mlango uliotokea, nao mara nyingi ni wa juu kuliko watu wanavyodhani.

Niliwaona watu hao mmoja mmoja. Sikuuliza "umevujisha?" Niliuliza: nakala yako iko wapi, nani mwingine ameiona, uliisomea wapi. Meneja alisema aliacha nakala mezani kwa naibu wake ili naibu "aelewe kwa nini zamu zimebadilika." Naibu alikuwa rafiki wa mlalamikiwa tangu zamani. Hakukataa.

Mkuu wangu alitaka kutoa tangazo kwa wafanyakazi wote: kuna uchunguzi unaendelea, ni marufuku kuuzungumzia. Nilimsihi asifanye hivyo. Tangazo la aina hiyo huwathibitishia waliokuwa wakibahatisha, na huwaarifu wasiojua kwamba kuna jambo. Badala yake, naibu na meneja waliondolewa kabisa kwenye lolote linalohusu jalada lile, kuvuja kwa barua kukafunguliwa namba yake, na aliyeandika kwenye kundi aliitwa kwa faragha akaambiwa auondoe ujumbe na asirudie. Mlalamikaji nilimwarifu siku hiyo hiyo: barua ilivyotoka, na hatua tulizochukua. Sikumtajia adhabu ya naibu. Nilimwambia tu kwamba hakuwa yeye aliyevujisha, na kwamba lalamiko la kutaka malalamiko yake yafutwe limekataliwa. Hata kama dada yake angekuwa ndiye chanzo, madai yake yangesikilizwa. Kuzungumza na ndugu hakufuti lililotokea stoo.

Uchunguzi uliendelea. Maelezo ya mashahidi wawili kati ya wanne yalichukuliwa kabla ya ujumbe ule kutokea, nayo ndiyo yaliyobeba uzito zaidi. Ya wawili wa mwisho niliyachukua nikiwa nimeandika kwenye jalada kwamba walishaona ujumbe, ili atakayeamua ajue ayapime vipi. Nimewaona wachunguzi wakificha doa la namna hiyo wakidhani linachafua kazi. Doa lililoandikwa hupimwa. Lililofichwa hufichuliwa na upande wa pili kwenye rufaa.

Malalamiko yalithibitishwa kwa sehemu kubwa. Mwishoni kila mtu alipewa kipande chake. Mlalamikaji aliambiwa kipi kimethibitika na kipi hakikuthibitika, na hatua zote zinazomgusa: hatafanya kazi chini ya mtu yule tena, na ratiba yake inarudi ilivyokuwa. Mlalamikiwa alipewa uamuzi na sababu zake, pamoja na muda wa kukata rufaa. Mashahidi waliambiwa kwamba jambo limeisha, kwamba katazo la kuzungumza limeondoka, na kwamba maelezo yao yanabaki kwenye jalada lililofungwa. Hawakupewa matokeo. Shahidi wa tatu, yule wa majina matano, aliona amenyimwa haki yake, na sikuwa na cha kumpa zaidi ya shukrani.

Wiki chache baadaye ofisi ilimletea mlalamikaji makubaliano ya fidia. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha kumtaka asizungumze kamwe kuhusu yaliyompata, na mtu yeyote. Alinipigia akiuliza kama asaini. Nilimwambia mimi ni wa ofisi, swali hilo si langu kulijibu. Ampelekee wakili wake karatasi yote kabla ya kugusa kalamu. Wakili aliruhusu kiasi cha fidia kibaki siri, na kile kifungu akakirudisha kikiwa kimekatwa kwa wino mwekundu.